Wakala wa Kiarabu kwenda Kiingereza: sehemu saba kati ya arobaini

"Wakuu, shangazi yangu yuko Maskati, kanitumia wakala wa Kiarabu, yaani hati ya kuniruhusu niuze sehemu yake ya nyumba ya urithi Tanga. Wakili wa mnunuzi anataka tafsiri ya Kiingereza. Nina jamaa kasoma Kiarabu toka madrasa mpaka chuo, atanifanyia bure. Inatosha, au kuna mitego?"

Jamaa yako anaweza kujua Kiarabu kuliko mimi na bado akaiharibu. Nasema hivyo kwa sababu niliharibu moja mwenyewe nilipoanza kazi ya kutafsiri hati, na ilifanana sana na hiyo ya shangazi.

Mzee alifariki akaacha mjane, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Binti ndiye aliyekuwa Oman, naye akampa binamu yake wakala wa kuuza fungu lake. Hesabu ya mirathi mnaijua: mjane thumuni, kinachobaki wanagawana watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Ukitaka kuepuka vipande vya vipande unaigawa nyumba mafungu 40: mjane 5, kila mwana wa kiume 14, binti 7. Ndivyo alivyoandika katibu al-adli, yule ofisa anayeandika na kuthibitisha hati huko: "sab'atu as-hum min asli arba'ina sahman", na mbele yake neno "musha'an".

Mimi kijana wa watu nikaandika kwa Kiingereza kitu ambacho ukikirudisha Kiswahili ni "hisa saba kutoka hisa arobaini za asili". Wakili wa mnunuzi akapiga simu: "Samahani, hii ni nyumba au kampuni?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Neno la Kiingereza nililochagua, likiwa kwenye wingi na namba mbele yake, msomaji anaona hisa za kampuni. "Asli" nayo hapo si asili. Ni msingi wa hesabu, ile namba ya chini ya sehemu. Na "musha'an" nililiruka kabisa nikidhani ni pambo, kumbe ndilo linalosema kwamba fungu halijapimwa: binti hana chumba wala ukuta wake, ana saba ya arobaini ndani ya kila tofali, pamoja na wenzake. Tafsiri sahihi husema sehemu saba kati ya arobaini, zisizogawanywa, katika nyumba nzima. Ukiandika tu kwamba anauza "nyumba", umempa mwakilishi uwezo wa kuuza mali ya mjane na kaka zake, uwezo ambao binti mwenyewe hana.

Kosa la pili lilikuwa kwenye vitenzi, na hapa ndipo watu wengi huangukia. Wakala wa Kiarabu hupanga vitenzi kama shanga: kuuza, kupokea thamani, kukabidhi, kusaini, kufika mbele ya ofisi husika. Ukisoma haraka unaona kama katibu anajirudia, na kwa kuwa mawakili wa Kiingereza nao wana tabia ya kuandika maneno mawili kwa jambo moja, mfasiri anajipa ruhusa ya kupunguza. Mimi niliacha "qabdh ath-thaman", kupokea thamani, nikijua anayeuza hupokea pesa. Siku ya malipo mnunuzi akagoma kuingiza fedha kwenye akaunti ya mwakilishi. Karatasi ya Kiingereza ilimruhusu kuuza, haikumruhusu kupokea. Ya Kiarabu ilimruhusu vyote viwili. Nilirudia kazi bure na nauli juu.

Ile orodha ina sababu yake. Sheria za Kiarabu hutenganisha idara na tasarruf. Idara kwetu ni kitengo cha ofisi, lakini kwenye wakala ni kuitunza mali: kupangisha, kukarabati, kukusanya kodi. Tasarruf ni kuitoa mikononi: kuuza, kuweka rahani, kutoa hiba. Sheria ya Madani ya Misri ya 1948 inasema wazi katika kifungu cha 702 kwamba jambo lolote lisilo la idara linataka wakala khassa, yaani wakala maalumu, na inataja kwa majina mauzo, rahani, sulhu, ikirari na mengine. Na huyo mwenye wakala maalumu hana uwezo ila katika yale yaliyotajwa na yanayoambatana nayo kwa lazima. Oman ina sheria yake, lakini makatibu wa Ghuba huandika kwa mtindo huohuo: jambo lisipotajwa, usilitegemee. Kwa hiyo jamaa yako ahesabu vitenzi vya Kiarabu, aandike namba pembeni kwa penseli, kisha ahesabu vya Kiingereza. Vikiwa kumi na moja upande mmoja na tisa upande wa pili, arudi mwanzo. Na asiunganishe sulhu na ikirari kwa kuwa zote zinasikika kama kumaliza ugomvi. Sulhu ni kupatana, ikirari ni kukiri dai la mwenzako.

Kuna kijineno kingine, "wa lahu fi sabili dhalika", yaani "na kwa ajili ya hayo anaweza". Kifupi, lakini ni kamba. Kinafunga kila kinachofuata kwenye lile lengo la kwanza. Ukikiacha, "kusaini nyaraka zote" kunageuka kusaini chochote kile, badala ya kusaini yanayohusu kuuza fungu hilo. Mara nyingi baada yake huja "muraja'at al-jihat al-hukumiyya". Nimewahi kuona tafsiri ya mtu mwenye shahada zake imempa mwakilishi mamlaka ya kukagua ofisi za serikali! Muraja'a hapo ni kwenda kwenye ofisi na kufuatilia jambo lako, basi.

Upande wa kuongeza nao una hatari yake. Watu huchukua mtandaoni fomu ya pawa ofu atoni, ule wakala wa Kiingereza, wakamwaga maneno ya Kiarabu ndani yake. Fomu hizo nyingi zina kifungu cha mwakilishi kuteua mwingine badala yake. Kwa Kiarabu hiyo ni "tawkil al-ghayr" na lazima iandikwe, tena huandikwa kwa kipimo: katika yote au baadhi ya yaliyotajwa. Kama shangazi hakuiandika, isionekane kwenye Kiingereza. Vivyo hivyo lile neno la Kiingereza la kwamba mamlaka yanaendelea hata mtoaji akipoteza akili. Wakili mmoja aliniomba niliongeze "ili hati iwe na nguvu". Nilikataa, nikamwambia amwombe mwenye hati.

Majina yafuate herufi za pasipoti, mihuri na maandishi ya nyuma yatafsiriwe pia, na mfasiri aape kiapo chake. Hayo wakili wa mnunuzi atakuelekeza.

Kabla hujampa jamaa kazi, fungua hati utafute kwanza "qabdh". Kama haipo, hakuna tafsiri itakayokuruhusu kupokea hizo pesa. Shangazi itabidi arudi kwa katibu al-adli aandikiwe wakala mpya, na ni nafuu aende sasa kuliko baada ya mnunuzi kuandaa hundi.