Tulivyopatana Bei ya Nyumba Tegeta kwa Kutumia Ukaguzi na Mauzo ya Majirani

Mwaka 2022 mimi na mume wangu tulinunua nyumba ya vyumba vitatu Tegeta, Dar es Salaam, iliyojengwa mwaka 2006 kwenye kiwanja cha meta za mraba 600 chenye hati. Mwenye nyumba, mzee mstaafu, alitaka shilingi milioni 165, na mwishowe tulimlipa milioni 142 na nusu. Tangu hapo ndugu na marafiki kadhaa wameniomba niwasaidie kupatana bei, na kosa ninalolikuta kwao mara nyingi ni kuchanganya mambo mawili ambayo yanapaswa kutenganishwa. Bei za nyumba zilizouzwa karibuni katika mtaa zinakuonyesha nyumba unayoitaka ingeuzwa kiasi gani kama ingekuwa na hali ya kawaida ya nyumba za pale. Ukaguzi unakuonyesha imepungukiwa na nini ukiilinganisha na hali hiyo. Asiyetenganisha haya mawili hujikuta akidai punguzo la kitu kile kile mara mbili, na muuzaji akishaligundua hilo hasikilizi tena hata madai yako ya haki.

Tulianza na bei za mtaani. Hapa kwetu hakuna daftari la wazi ambalo mnunuzi anaweza kulifungua akaona nyumba ya jirani iliuzwa kiasi gani, na bei zilizobandikwa kwenye mabango au kutangazwa mitandaoni ni bei ambazo wauzaji wanazitamani, si bei zilizolipwa. Hata mkataba wa mauziano usiutegemee peke yake, kwa kuwa baadhi ya watu huandika kiasi kidogo kuliko walichopeana ili kupunguza kodi. Dalali anazijua bei za kweli, lakini ujira wake kwa kawaida ni asilimia ya bei, hivyo bei ikipanda naye anapata zaidi. Sisi tuliwatafuta walionunua wenyewe. Mjumbe wa mtaa alitutambulisha kwa majirani wanne walionunua ndani ya mwaka mmoja uliotangulia, na baada ya kuwaeleza kwa nini tunauliza, wote walitutajia walicholipa. Kisha tukamlipa mthamini aliyesajiliwa atusaidie kuzilinganisha nyumba zile na tuliyoitaka.

Nyumba moja kati ya zile nne aliiondoa mara moja. Ilikuwa imeuzwa milioni 95, na mume wangu alifurahi sana kuisikia bei hiyo, lakini aliyeuza na aliyenunua walikuwa ndugu wa baba mmoja waliokuwa wakigawana urithi. Bei ya namna hiyo haisemi lolote kuhusu soko. Ukiitaja mbele ya muuzaji anayewajua majirani zake, unajivunjia heshima.

Tatu zilizobaki hazikufanana kabisa na nyumba yetu, na hapa ndipo penye kazi. Kanuni ni kuirekebisha bei ya nyumba iliyouzwa, na si ya unayoitaka: iliyouzwa ikiwa bora kuliko yako, unapunguza kwenye bei yake; ikiwa duni, unaongeza. Watu wengi hufanya kinyume bila kujua. Ya kwanza iliuzwa milioni 160, lakini kiwanja chake kilikuwa na meta za mraba 750. Viwanja vitupu mtaani pale vilikuwa vikiuzwa karibu shilingi elfu 80 kwa meta ya mraba, kwa hiyo zile meta 150 za ziada zilikuwa na thamani ya milioni 12, na bei iliyolingana na yetu ikawa milioni 148. Ya pili iliuzwa milioni 138, lakini haikuwa na hati, ila karatasi za mauziano zilizoshuhudiwa na serikali ya mtaa. Mthamini aliiongezea milioni 12 kwa ajili ya gharama, muda na wasiwasi wa kununua bila hati, ikafika 150. Ya tatu ilikuwa na ukuta mpya na geti zuri, navyo yetu haikuwa navyo, hivyo milioni 149 zake zilishuka hadi 146. Kwa hiyo nyumba tuliyoitaka, ikiwa katika hali ya kawaida, ilikuwa na thamani kati ya milioni 146 na 150.

Tulipokwenda kwa mzee tulimweleza nyumba zile tatu, moja baada ya nyingine, na tulimwonyesha pia ile iliyotufanya tuongeze bei, kwa maana aliyechagua mifano inayomfaa yeye tu hujulikana upesi. Tulitaja milioni 145, yeye akashuka hadi 158, na baada ya siku tatu tukakubaliana 150. Makubaliano hayo tuliyaandika kwa sharti moja: kwamba yanategemea ukaguzi wa nyumba ndani ya siku 14, na kwamba ukaguzi ukionyesha ubovu ambao haukuonekana kwa macho, bei itazungumzwa upya au kila mtu atashika njia yake. Dalali alitushinikiza tutoe kianzio cha milioni 10 papo hapo ili nyumba isichukuliwe na mwingine. Tulikataa. Kianzio kilichotolewa kabla ya ukaguzi, bila maandishi yanayosema kitarudishwa, kinamwondolea mnunuzi nguvu yote ya kuzungumza, kwa sababu anaogopa kukipoteza.

Ukaguzi tuliufanya mwezi wa Aprili, katikati ya masika, na ninamshauri kila mnunuzi wa Dar es Salaam asubiri mvua akiweza. Alikuja mhandisi wa majengo pamoja na fundi seremala, wakakaa pale nusu siku. Waligundua mambo matatu.

La kwanza lilikuwa unyevu kwenye kuta za vyumba viwili vya nyuma. Rangi ilikuwa imevimba na kubanduka kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, na chumvi nyeupe ilikuwa imejitokeza juu ya lipu, dalili kwamba maji yanapanda kutoka ardhini kupitia matofali kwa kuwa msingi haukuwekewa nailoni ya kuyazuia. La pili lilikuwa kwenye karo la choo. Mhandisi aliomba kifuniko kifunguliwe, kisha mabomba yote ya ndani yakaachwa wazi kwa saa nzima. Maji kwenye karo yalipanda yakaufunika mdomo wa bomba linaloingia, na hayakushuka. Maana yake ni kwamba shimo linalopaswa kuyanyonya maji hayo na kuyapeleka ardhini lilikuwa limeziba, na gari la maji taka lingeitwa kila baada ya wiki chache. La tatu lilikuwa juu ya dari. Seremala alipanda na tochi na bisibisi, akawa anazichoma kenchi moja baada ya nyingine, na upande wa nyuma bisibisi ilizama kwenye mbao kama kwenye mkate: mchwa walikuwa wamezila kwa ndani huku ngozi ya nje ikionekana nzima.

Kwa kila jambo tuliomba makadirio ya maandishi kutoka kwa mafundi wawili, kwa kuwa ripoti isiyo na gharama ni malalamiko tu. Unyevu ungegharimu milioni 4, shimo jipya milioni 3 na laki 2, na paa la upande wa nyuma milioni 6 na laki 8. Jumla ni milioni 14, na mume wangu alitaka tuidai yote.

Nilimkatalia kwa sababu mbili. Unyevu ule tuliuona siku ya kwanza tulipoitembelea nyumba, na mbili kati ya nyumba tatu tulizolinganisha zilikuwa nao vilevile, kwa hiyo ulikuwa umeshaingia ndani ya ile milioni 150. Kuupunguza tena kungekuwa kumtoza mzee mara mbili. Kwenye paa nako, makadirio yalikuwa na mabati mapya ya milioni 2 na laki 4 kwa sababu yale ya zamani yasingefunguliwa bila kuharibika. Lakini mabati yaliyokuwapo yalikuwa na miaka 16, na sisi hatukuwa tumeahidiwa nyumba yenye mabati mapya. Tuliomba nusu ya bei ya mabati, na gharama yote ya mbao na ufundi. Dai letu likawa milioni 5 na laki 6 za paa, pamoja na milioni 3 na laki 2 za shimo, yaani milioni 8 na laki 8.

Mzee alipoipokea ripoti alikasirika kidogo. "Mwanangu, nyumba hii ni ya mwaka 2006," aliniambia, "ulitaka uikute kama imejengwa jana?" Nilimjibu, "Hapana, mzee wangu, ndiyo maana unyevu sikuuweka humo, na mabati nimeyahesabu nusu." Aliisoma tena karatasi kwa utulivu, kisha akamwita seremala wake mwenyewe apande darini. Seremala yule aliposhuka na kipande cha kenchi kilichojaa udongo wa mchwa mkononi, mazungumzo yalibadilika. Mzee alipendekeza atengeneze paa yeye mwenyewe na bei ibaki 150. Jambo hili tulilikataa kwa upole, kwa kuwa muuzaji anayeondoka hana sababu ya kutafuta mbao zilizotiwa dawa wala fundi mzuri, na baada ya dari kufungwa huwezi kujua kilichofanyika. Alisema 146, sisi tukasema 141, na tukamaliza kwa milioni 142 na nusu, yeye akilipa pia malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi kabla ya uhamisho wa hati.

Kitu kimoja ningekifanya tofauti. Tulipofungua paa, mchwa walikuwa wamevuka hadi kenchi mbili za mbele ambazo seremala hakuzifikia kwa sababu ya tangi la maji, na gharama ya paa ilipanda hadi milioni 8 na laki 3. Ripoti ilikuwa imeandika wazi kwamba sehemu ile haikukaguliwa, nami niliusoma mstari huo bila kuutilia maanani. Siku hizi, ninapomsaidia mtu, sehemu ya ripoti inayotaja mahali ambapo mkaguzi hakufika ndiyo tunayoisoma kwanza, na tunaomba ama tangi liondolewe kabla ya siku ya mazungumzo, au sehemu ya bei ishikiliwe kwa wakili hadi paa lifunguliwe.