pH moja, uchachu tofauti

"Vinywaji vyangu viwili vyote vinasoma pH 3, mbona cha asidi ya sitriki ni kichachu kuliko cha asidi ya fosforiki?"

Ni kwa sababu pH hupima haidrojeni iliyokwisha kuachiliwa tu, ilhali ulimi huonja pia ile ambayo asidi bado imeishikilia. Asidi ya fosforiki huachilia haidrojeni yake ya kwanza kwa wepesi, hivyo takribani gramu 0.11 katika lita moja ya maji safi hutosha kufikia pH 3, lakini ya sitriki huhitaji takribani gramu 0.44. Mate yanapoanza kuizimua asidi mdomoni, ya sitriki hutoa akiba yake na uchachu unadumu, ilhali ya fosforiki huishiwa mapema. Nimezipima mara nyingi maabara kwa kudondoshea sodiamu haidroksaidi, ambayo huizima asidi, hadi pH 7, na ya sitriki hunywa takribani mara nne zaidi.

Mwingine amejibu kwamba sababu ni sukari, naye amepata nusu: sukari hufunika uchachu bila kugusa pH, ila haielezi tofauti hii ikiwa vinywaji vyako vina sukari sawa.

Mwenzetu mwingine ameuliza kuhusu asidi ya maliki, ile ya tufaha: kiasi chake kwa pH 3 kinakaribia cha sitriki, lakini uchachu wake hupanda polepole na kukawia mdomoni, ilhali wa sitriki huchoma mara moja na kupotea mapema kuliko wa maliki. Namna hasa asidi hizi dhaifu zinavyoziamsha seli za ladha bado inajadiliwa.