Titi na kopo ndani ya siku moja: maswali yenu ya wiki hii

Mwanangu ana miezi miwili. Mama mkwe alinishauri nimpe chupa ya maziwa ya kopo saa nne usiku ili alale. Analala kweli, hadi alfajiri, lakini sasa naona matiti hayajai kama zamani. Maziwa yanakauka?

Hayajakauka, ila hiyo chupa umeiweka mahali pabaya. Titi hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyotolewa. Maziwa yakikaa humo saa nyingi, yenyewe huliambia titi lipunguze kasi. Na usiku ndipo homoni ya prolaktini, inayoliamuru titi kutengeneza maziwa, inapopanda zaidi. Kwa hiyo mama anayepitisha saa saba za usiku bila kunyonyesha wala kukamua anapoteza zaidi ya yule anayeruka mara moja mchana.

Usiitoe chupa yote kwa siku moja. Ihamishe jioni, kama saa kumi na mbili, na usiku umnyonyeshe angalau mara mbili. Kila anapopewa kopo, kaa ukamue dakika kumi au kumi na tano hata kama yanatoka matone, kwa sababu unachotafuta hapo ni titi lipate taarifa kwamba maziwa yanahitajika. Yape siku kadhaa ndipo uone mabadiliko.

Halafu, titi kuwa laini si kipimo. Baada ya wiki za mwanzo matiti ya wengi huacha kujaa hadi kuuma, na maziwa yapo. Hesabu nepi: mtoto wa umri huo anatakiwa kulowesha sita au zaidi kwa siku, na mkojo uwe mweupe. Cha pili ni mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki. Nepi zikipungua au mstari ukilala, nenda kliniki bila kusubiri tarehe. Mama mkwe mwambie asante, lakini chupa ya saa nne usiku basi.

Likizo yangu ya siku 84 inaisha, narudi ofisini Dar. Mtoto ana kilo 5 na nusu. Natoka saa moja asubuhi, narudi saa kumi na mbili jioni. Nikikamua napata kama mililita 100 tu. Siku niipangeje?

Tuanze na hesabu. Kwa umri huu mtoto huhitaji takribani mililita 150 kwa kila kilo kwa siku, yaani wako kama 825. Akila mara nane, kila mlo ni mililita 100 hivi. Utakapokuwa haupo atakula kama mara nne, ambayo ni mililita 400. Ukikamua mara mbili kazini na kupata 100 kila mara, milo miwili ni maziwa yako na miwili ni ya kopo. Hiyo "100 tu" isikuvunje moyo. Pampu na mkono mara nyingi havitoi kama mdomo wa mtoto.

Siku yenyewe iende hivi. Mnyonyeshe saa kumi na moja alfajiri, kisha tena kabla tu ya kufunga mlango, hata kama anasinzia. Kazini kamua saa nne na saa nane. Sheria ya kazi Tanzania inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kwenda kumnyonyesha mtoto. Ukiwa mbali na nyumbani, omba kwa maandishi muda huo uutumie kukamua. Nyumbani, dada atoe maziwa yako kwanza, saa tatu na saa sita, kisha kopo saa nane na nusu. Chupa ya nne iwe saa kumi, isizidi hapo, na iwe ndogo akionekana ameridhika. Hapa ndipo mipango mingi inapoharibika: dada anampa mtoto chupa nzima saa kumi na moja na nusu ili mama akute ametulia, mama anafika matiti yamejaa na mtoto hataki. Mwambie dada kwamba akilia saa kumi na moja na nusu, ambembeleze au ampe kidogo tu, kwa sababu unataka umkute na njaa.

Ukifika, mpe titi kabla hata ya kuvua viatu. Jioni na usiku ni titi tupu, na Jumamosi na Jumapili vilevile kopo likae kabatini. Wikiendi hizo ndizo zinazorudisha kilichopungua katikati ya wiki.

Maziwa ya Jumatatu kazini ndiyo mtoto atakayokunywa Jumanne, kwa hiyo anza kuweka akiba kama wiki mbili kabla, kwa kukamua kidogo baada ya kunyonyesha asubuhi. Kwenye joto la Dar usiyaache mezani. Yaweke kwenye friji ya ofisi au kwenye mfuko wenye barafu, na ukifika nyumbani yaingie friji, ambako hukaa hadi siku nne.

Tangu aanze chupa, akiwekwa kwenye titi anahangaika, analia na kuachia. Nianze na kipi?

Anza na titi, pande zote mbili, kisha ujazie kwa kopo kama bado ana njaa. Tatizo la chupa ni kwamba inamiminika yenyewe, wakati titini inabidi afanye kazi kidogo kabla maziwa hayajashuka. Tafuta chuchu ya chupa yenye tundu la polepole, mkalishe wima, ishike chupa ikiwa imelala badala ya kuinamishwa, na umpumzishe baada ya mafunda machache. Kikombe kidogo safi nacho kinafaa, hata kwa mtoto mchanga, na ni rahisi kuosha kuliko chupa. Akikataa kabisa, mpe titi akiwa nusu usingizini.

Naweza kuchanganya maziwa yangu na ya kopo kwenye chupa moja?

Inawezekana, lakini mimi sipendi. Mtoto akibakiza, unamwaga na ya kwako. Mpe yako kwanza, kisha ya kopo. Ukilazimika, koroga kwanza unga na maji kwa kipimo cha kopo ndipo uongeze maziwa yako. Usiweke unga ndani ya maziwa ya mama badala ya maji, wala usizimue ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Maji yachemke, yakae yasizidi nusu saa ili yawe bado na moto wa kuua vijidudu vilivyomo kwenye unga, kisha korogea, poza chupa kwenye maji baridi na uonje joto kwenye kifundo cha mkono. Kisichonyweka ndani ya saa mbili kimwagwe.

Ninaishi na VVU na natumia dawa. Niliambiwa nikichanganya titi na kopo lazima niache kunyonyesha. Ni kweli?

Huo ni ushauri wa zamani. Titi peke yake kwa miezi 6 ndilo linalopendekezwa, na kwako lina uzito zaidi. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema kwamba kwa mama anayetumia dawa, kuchanganya si sababu ya kuacha kunyonyesha. Kinachomlinda mtoto ni wewe kumeza dawa kila siku na kipimo cha wingi wa virusi kuwa chini, pamoja na dawa ya kinga anayopewa mtoto. Kama umeruka dozi, au chuchu zina vidonda, au titi limevimba na lina moto, nenda kliniki leo, kabla hujapanga chupa yoyote.