Tashbihi na sitiari katika methali

"Tashbihi na sitiari zinatofautianaje? Naomba mifano ya methali."

Methali "Riziki kama ajali, huitambui ijapo" ni tashbihi, kwa kuwa "kama" inaviweka vitu viwili sambamba huku kila kimoja kikibaki kivyake. Lakini katika "Ujana ni moshi, ukienda haurudi", ujana unaitwa moshi moja kwa moja, nayo ni sitiari. Mchangiaji aliyetangulia amesema ili kuitambua tashbihi tutafute "kama" tu, ila katika "Kama hujui kufa, tazama kaburi" neno hilo lina maana ya "ikiwa" na halilinganishi chochote. Kuhusu "Dau la mnyonge haliendi joshi", ambapo dau linasimama badala ya mambo ya mnyonge bila mambo hayo kutajwa kabisa, mimi naiita sitiari, ingawa walimu wengine husisitiza kuwa ni jazanda, yaani picha ya kitu kimoja inayowakilisha kingine kwa mafumbo.