Ping inapaa kila mtu nyumbani akishika simu

*Fundi, nina faiba ya megabiti 20 kushusha na 5 kupandisha. Nikicheza peke yangu ping ni 40, lakini simu ya mama ikianza kupandisha picha inapita 800 na gemu inaganda. Niongeze kifurushi, au nibadilishe DNS kama nilivyoshauriwa?*

DNS iache ilivyo. Kazi yake ni kutafuta anwani ya seva. Ikishapatikana, pakiti za gemu hazipiti huko tena. Anayekutoza hela kwa "DNS ya gemu" anakuibia. Na kifurushi kikubwa simu ya mama itakijaza vilevile, maana hupandisha kwa kasi yote inayoipata.

Kinachokuumiza ni foleni ndani ya modemu. Bafa yake, yaani nafasi ya pakiti kusubiria, ni kubwa mno. Simu hujua njia imejaa pale pakiti zinapodondoka, ndipo ipunguze mwendo. Bafa kubwa inazipokea zote, basi simu inazidi kusukuma. Zikilundikana kilobaiti 500, hizo ni biti milioni 4, na kwa megabiti 5 kwa sekunde zinahitaji sekunde 0.8, yaani milisekunde 800, kutoka. Kipakiti chako cha gemu kimesimama nyuma yao. Hiyo ndiyo 800 yako.

Tafuta ruta inayokubali OpenWrt, mfumo huru wa kuendeshea ruta, uweke `luci-app-sqm`. Kwenye ukurasa wa SQM QoS chagua mlango unaoelekea kwenye modemu, weka tiki kwenye Enable, kisha ujaze kasi kwa kilobiti:

```
Download speed: 18000
Upload speed: 4500
Queue discipline: cake
Queue setup script: piece_of_cake.qos
```

Namba ziko chini ya kasi yako halisi kwa makusudi: foleni ihame kutoka kwenye modemu usiyoweza kuiamuru, ije kwenye ruta yako. Hapo `cake` hutenganisha mitiririko, gemu isisubiri nyuma ya picha, na hudondosha mapema pakiti za simu ili ipunguze kasi.

Acha `ping -t 8.8.8.8` ikitembea kwenye kompyuta ya Windows, kisha mwambie mama apandishe video. Namba ikipanda kwa makumi machache tu, umemaliza. Ikiruka tena mamia, shusha 4500 iwe 4000.

Mwezi uliopita nilifungua "ruta ya gemu" ya mteja. Aliyemuuzia alikuwa amewasha QoS na kuweka gemu mbele, lakini sehemu ya kasi ameiacha tupu. Kipaumbele cha namna hiyo hakifanyi kitu, kwa sababu foleni imebaki kwenye modemu, na pale hakuna anayejua gemu ni ipi. Mkiuziwa ruta yenye taa nyekundu na antena nane, ulizeni kwanza kama ina `cake` au ndugu yake `fq_codel`, na kasi inaandikwa wapi. Muuzaji akianza kuzungumzia antena, ondokeni. Wenye intaneti ya laini ya simu nao wajue kwamba kasi yao hupanda na kushuka kutwa, kwa hiyo waandike namba ya saa mbili usiku, si ya alfajiri.