Noti 12, maili 2,400: ni siku 7 au siku 8?

"Wadau wa bandari nisaidieni. Nina mzigo unatoka Mumbai kuja Mombasa. Meli inakwenda noti 12, umbali nimeambiwa maili 2,400. Nikageuza: noti 12 ni kilomita 22.2 kwa saa, maili 2,400 mara 1.6 ni kilomita 3,840. Nikigawanya napata siku 7 na saa 5. Wakala wangu anasema siku 8 na saa 8. Nani ananipoteza?"

Ndugu yangu, wakala wako yuko sawa. Umepoteza saa 27, na zote zimepotelea kwenye ile 1.6.

Hiyo 1.6 ni ya maili ya barabarani, zile zilizokuwa zikiandikwa kwenye mawe ya kando ya njia zamani kabla ya kilomita. Maili ya bahari ni nyingine kabisa, ndefu zaidi: mita 1,852 kamili. Kipimo hicho kilikubaliwa kwenye mkutano wa kimataifa wa wapima bahari kule Monaco mwaka 1929, na ndicho kinachotumika kwenye meli hadi leo. Noti nayo ni maili hiyo hiyo moja ya bahari kwa saa moja, kwa hiyo noti 1 ni kilomita 1.852 kwa saa. Sasa angalia ulichofanya: mwendo umeugeuza kwa 1.852, umbali ukaugeuza kwa 1.6. Meli umeiacha na mwendo wake, safari ukaikata kilomita mia sita.

Ifanye tena hivi: 2,400 × 1.852 = kilomita 4,444.8. Gawanya kwa 22.224. Unapata saa 200 juu ya alama, yaani siku 8 na saa 8.

Lakini mimi naona hata huko kugeuza kulikuwa usumbufu wa bure. Umbali umepewa kwa maili za bahari, mwendo umepewa kwa noti, na noti ni maili za bahari kwa saa. Gawanya tu 2,400 kwa 12. Saa 200. Basi. Tena kuna kichekesho hapa: ungekosea kote kuwili, yaani ukazidisha na noti vilevile kwa 1.6, ungepata jibu sahihi, kwa sababu kosa la juu lingekatana na kosa la chini. Kinachoumiza ni kukosea upande mmoja.

Wakati wa kugeuza ni pale vipimo viwili vinapotoka sehemu mbili tofauti. Hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoungua, na niliungua kwa upande wa pili wako. Miaka ile nilikuwa karani wa wakala mmoja mdogo hapa mjini. Tulikuwa na kijimeli cha pwani kinatoka Dar es Salaam na shehena yetu, nikaambiwa kinatembea noti 10. Nikachukua simu, nikavuta mstari kwenye ramani kutoka Dar hadi Kilindini, ikaniandikia kilomita 310. Nikagawanya 310 kwa 10, saa 31. Meli iling'oa nanga alfajiri saa 11, nami nikajiambia itafika kesho yake adhuhuri, nikarudi nyumbani Likoni nikalala usingizi wa pono.

Hesabu ya haki ilikuwa hii: noti 10 ni kilomita 18.5 kwa saa, na 310 kwa 18.5 ni saa 17 kasoro kidogo. Hata ukiongeza kwamba meli haipiti mstari ulionyooka kama wa kwenye simu, usiku ule ule ilikuwa nje ya mlango. Asubuhi naingia ofisini naambiwa meli iko nanga tangu jana usiku, na karatasi zilizotakiwa kutangulia bado ziko kwenye droo yangu. Maneno niliyoambiwa siku hiyo siyaandiki hapa.

Kosa la aina hiyo utalijua ukiwa macho, kwa sababu jibu linakuja karibu mara mbili ya linalostahili. Noti moja ni kama kilomita mbili kasoro kwa saa, kwa hiyo ukisahau kugeuza, safari inarefuka karibu maradufu au inafupika karibu nusu. Kosa lako wewe la 1.6 ndilo baya zaidi kwa vile halionekani. Siku 7 na siku 8 zote zinaonekana za kweli.

Kichwani mimi huzidisha kwa 1.85 na kuachia hapo. Noti 12 inakuwa 22.2, noti 14 inakuwa 25.9. Kuna wanaozidisha kwa mbili wakatoa sehemu ya kumi: noti 12 inakuwa 24, toa 2.4, inabaki 21.6. Kwa safari ya kwenda Pemba haina neno, lakini kwa safari yako ya Mumbai hiyo pekee inakuongezea karibu saa 6.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Mji wa Kale, nahodha mstaafu, ambaye hakuwa na habari na kilomita hata kidogo. Baada ya aibu yangu ile nilimfuata barazani kwake. Akatoa ramani ya bahari iliyokwisha laini kwenye mikunjo kama kitambaa, na bikari ya shaba. Akaweka ncha moja Mombasa, akanionyesha pambizo la kushoto: nyuzi 4 na dakika 4 kusini. Akashuka mpaka Dar: nyuzi 6 na dakika 49. "Toa hiyo kwenye hiyo," akasema. Nyuzi 2 na dakika 45, yaani dakika 165, kwa kuwa uzi mmoja una dakika 60. "Basi kwenda chini tu ni maili 165." Nikashangaa, nikamuuliza maili zimetoka wapi na hatujapima kitu.

Maili ya bahari ilizaliwa hapo, ndugu. Ni dakika moja ya latitudo, dunia ikipimwa kutoka kaskazini kwenda kusini. Ndiyo maana mabaharia hawakuiacha wakaenda kwenye kilomita, maana rula yao imechapwa pambizoni mwa kila ramani. Dar imekaa magharibi ya Mombasa kwa dakika 23 hivi, na ukiunganisha hizo mbili mstari ulionyooka unatoka kama maili 167. Zidisha kwa 1.852 uone: kilomita 309. Simu yangu haikudanganya, mimi ndiye niliyesoma kilomita kama maili.

Mzee akanionya jambo moja. Pima kwa pambizo la kushoto au kulia tu, usipime kwa ukingo wa juu au wa chini. Huko kuna longitudo, na dakika ya longitudo husinyaa kadiri unavyoiacha ikweta. Hapa kwetu tofauti huioni kwa macho, lakini kule Mumbai, nyuzi 19 kaskazini, dakika ya longitudo haifiki hata maili moja, ni kama 0.95.

Turudi kwenye mzigo wako. Zile saa 200 ni za noti 12 zinazotembea juu ya dunia, na meli inatembea juu ya maji, na maji nayo yanatembea. Ukiangalia meli kwenye tovuti za kufuatilia vyombo utaona `SOG`. Huo ndio mwendo juu ya ardhi, mkondo umeshahesabiwa ndani yake, na ndio wa kutumia. Ule mwendo ulioandikwa kwenye karatasi za sifa za meli ni ahadi ya injini kwenye maji matulivu, na mara nyingi wenye meli huipunguza kwa makusudi ili kuokoa mafuta.

Msimu nao una usemi wake. Wakati wa kusi, mkondo wa pwani ya Somalia unakwenda kaskazini kwa nguvu, na meli yako inakuja kusini, kwa hiyo inapanda mlima. Tuseme maili 600 za mwisho inakutana na mkondo wa noti 2 uso kwa uso. Meli ya noti 12 inabaki na 10 juu ya ardhi, na zile maili 600 zilizokuwa za saa 50 zinakuwa za saa 60. Saa 200 zimekuwa 210. Noti 2 hapa nimezitaja kwa mfano tu, mkondo hubadilika siku kwa siku. Zingatia namna ya kuhesabu: usipunguze mwendo wa safari nzima, kata kipande chenye mkondo, kihesabu peke yake, kisha jumlisha.

Halafu saa ya ukutani. Mumbai iko mbele yetu kwa saa 2 na nusu. Tuseme meli yako imeng'oa nanga Jumatatu saa 12 jioni ya kwao. Saa 200 zinaifikisha Jumatano ya wiki inayofuata saa 8 usiku, ya kwao bado. Toa saa 2 na nusu, huku kwetu ni Jumanne saa 5 na nusu usiku. Ukiweka mkondo wa saa 10, ni Jumatano saa 3 na nusu asubuhi. Kwa hesabu yako ya mwanzo ungekuwa unaisubiri Jumatatu saa 2 na nusu usiku, na malori yameshapangwa foleni.

Na kwenye `ETA`, yaani saa ya kufika inayokadiriwa, unayoiona kwenye skrini, kwanza tazama kama ni saa ya Mombasa au `UTC`, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu saa 3. Kisha ndipo ugeuze iwe saa ya Kiswahili. Nimeona mtu mzima ameandikiwa 14:00 `UTC` akaja bandarini saa 8 mchana, wakati ilikuwa saa 11 jioni.

Hesabu yote hii inaishia nje ya mlango wa Kilindini, pale meli inapomsubiri rubani. Kutoka hapo hadi kamba zifungwe gatini noti hazikusaidii kitu, ni habari ya foleni ya gati. Hiyo muulize wakala wako asubuhi ya siku yenyewe, na malori usiyaite kabla hajakujibu.