Kapsheni ya duka la vitu vya watoto: mama ajue bei, ajue na namna ya kumlaza mtoto salama

Wadogo zangu mnaoanza kushika kurasa za maduka ya vitu vya watoto, iwe hapa Mbeya, Iringa, Njombe au Tunduma, nawaandikia sasa hivi kwa sababu baridi imeanza na kila duka linaposti mablanketi, kofia na mifuko ya kulalia. Nitashika bidhaa moja tu, huo mfuko wa kulalia wa mtoto, ule wa zipu unaovaliwa kama gauni lililofungwa chini, maana ndiyo inayoulizwa sana kuanzia Juni mpaka Agosti na ndiyo watu wanaiandikia vibaya kweli.

Kwanza jua unamwandikia nani. Huyu ni mama amejifungua juzijuzi, yuko macho saa nane usiku, mkono mmoja una mtoto anayenyonya na mwingine una simu, hana muda wa kusoma "mzigo mpya umeshuka wapendwa wetu karibuni sanaaa" halafu mwishoni anakutana na "bei inboksi". Anataka vitu viwili, hii shingapi, na je mwanangu akiivaa yuko salama. Hivyo viwili vikae mistari ya juu kabisa, kwa sababu Instagram inaonyesha mwanzo tu halafu maneno mengine yote yanafichwa mpaka mtu abonyeze, na wengi hawabonyezi. Ukiweka maua na mioyo pale juu umeshampoteza.

Sasa picha, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Picha nyingi tunazotumiwa na wenye mzigo zinaonyesha mtoto kalala kifudifudi juu ya mto, blanketi mpaka kidevuni, mdoli pembeni. Picha nzuri, ila inafundisha kitu cha hatari na mama anaiga anachokiona kuliko anachokisoma. Mtoto wa mwezi mmoja hana nguvu ya kutoa blanketi likimfunika pua, wala kugeuza kichwa vizuri akizama kwenye kitu laini, ndiyo maana inasisitizwa mtoto alazwe chali, kwenye godoro lililonyooka na lisilobonyea, bila mto, bila mdoli, bila blanketi la juu. Kwa hiyo piga picha yako mwenyewe. Tandika shuka kwenye godoro tupu, laza mfuko juu yake, fungua zipu kidogo ili shingo ionekane, piga mchana karibu na dirisha. Mtoto si lazima awepo.

Na ukiuza zile neti za mwavuli zinazokunjwa, zile zinazokuja na kigodoro na kamto kenye shimo katikati, usizipige picha na kamto ndani. Wamama wanaambiwa kale kamto kanatengeneza kichwa, lakini mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya kabisa wazazi wasitumie mito ya aina hiyo kwa sababu mtoto anaweza kuishiwa pumzi. Andika wazi, "toa mto kabla ya kumlaza mtoto". Mteja hakimbii kwa hilo, mimi naona wananunua vilevile na wanauliza kingine cha kuepuka ni kipi.

Tuje kwenye joto lenyewe. Huku kwetu usiku wa Julai nyuzi zinashuka chini ya 10 na nyumba zetu hazina vya kupasha joto, kwa hiyo hofu ya mama ni ya kweli, usimwandikie kama yuko Kyela au Dar. Tatizo ni kwamba hofu hiyo inamfanya amvalishe mtoto nguo nne, kofia mbili, blanketi zito la manyoya juu, na mtoto akizidiwa joto usingizini nayo ni hatari. Mwambie namna ya kupima: aingize vidole nyuma ya shingo au kifuani. Pakiwa na jasho au pana moto, apunguze nguo moja. Pakiwa na ubaridi, aongeze moja. Viganja na nyayo visimtishe, kwa watoto wachanga huwa vya baridi mara nyingi hata mwili ukiwa sawa. Kofia ni ya kutoka nje na kubebwa mgongoni, akilazwa ndani inavuliwa, kwa sababu mtoto anapoza mwili kwa kichwa na kofia ikiteleza inafunika uso. Ila aliyezaliwa njiti au mwenye uzito mdogo sana, huyo anafuata alichoelekezwa hospitali, kapsheni yako isimfundishe vingine.

Halafu kuna jiko la mkaa. Unajua kabisa huku watu wanaingiza jiko chumbani usiku ili mtoto asipigwe na baridi, mlango umefungwa, dirisha limezibwa na nguo. Mkaa ukiwaka bila hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksidi, haina harufu, haionekani, na mkaa ulioshika vizuri usiotoa moshi ndio watu wanaouamini wakati nao unaitoa hiyohiyo. Inaua familia nzima usingizini. Kapsheni yoyote ya vitu vya baridi niandikayo lazima iwe na mstari wa jiko, hata kama nauza soksi.

Kingine, wamama wetu wengi wanalala na mtoto kitanda kimoja, usijifanye hujui. Ukimwandikia tu "mlaze kwenye kitanda chake" anapita. Mwandikie hivi: kama mnalala pamoja, blanketi zito la wakubwa lisimfikie mtoto, mito ikae mbali naye, nguo zake ziwe nyepesi kidogo kwa sababu mwili wako ni joto tayari, na usisinzie naye kwenye sofa. Baba akiwa amekunywa, mtoto asilale hapo.

Sasa tuandike. Mfano ni duka liko Mwanjelwa, mfuko unauzwa elfu ishirini na tano, na bei zote humu ni za mfano, wewe utaweka zako. Kabla ya kuandika chukua mfuko wenyewe mkononi, soma lebo. Angalia kilo. Watu wanaandika "miezi 0 mpaka 6" na wanaishia hapo, wakati kuna mtoto wa miezi miwili ana kilo 6 na mwingine wa miezi minne ana kilo 5, na mama anazo kilo za mwanae kwenye kadi ya kliniki, kwa hiyo kilo ndizo zinamsaidia kuchagua. Kinachotafutwa ni shingo: zipu ikifungwa, tundu la shingo liwe dogo kiasi kwamba kichwa hakiwezi kuzama ndani. Mfuko ukiwa mkubwa mtoto anateleza ndani na uso unafunikwa, halafu wamama wanapenda kununua kikubwa ili kidumu, hapo ndipo unatakiwa kumzuia hata kama saizi kubwa ndiyo yenye bei. Baadhi ya mifuko ina kipimo cha ujoto kwenye lebo kinachoandikwa tog, namba ikipanda mfuko ni mzito zaidi, 2.5 ni ya chumba cha baridi cha kama nyuzi 16 mpaka 20. Ukiikuta iandike. Isipokuwepo, usibuni namba, andika tu "una pamba ndani" au "ni mwepesi, kitambaa kimoja".

Inakuwa hivi:

"Mfuko wa kulalia mtoto 25,000/=. Haufuniki uso kama blanketi, ukimtosha vizuri shingoni.

Ni wa kilo 4 hadi 8, angalia kadi ya kliniki. Wa chini ya kilo 4 asubiri kwanza, shingo ni pana kwake. Una pamba ndani, hauna mikono, zipu inafunguka kuanzia chini kwa ajili ya kubadilisha nepi.

Ndani mvalishe nguo moja ya mikono mirefu, mlaze chali, godoro tupu bila mto wala blanketi la juu. Gusa nyuma ya shingo, pakiwa na jasho punguza nguo. Mama, jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kidogo.

Rangi zilizopo ni kijivu na njano. Tupo Mwanjelwa, saa 2 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Boda ndani ya jiji 3,000, kwa hiyo jumla 28,000. Basi la Tunduma, Makambako au Iringa 5,000, jumla 30,000. Bei ni hii mpaka tarehe 31 Julai."

Angalia bei ilivyokaa. Si "kuanzia 25,000", maana "kuanzia" inamfanya mama aje dukani na elfu ishirini na tano akute anachokitaka ni thelathini na tano. Kama una saizi mbili weka bei mbili. Nauli nimeijumlisha mwenyewe, kwa sababu mama wa Tunduma anayehesabu hela ya wiki anataka kujua anatoa shingapi mfukoni, si kupiga hesabu usiku. Na kwa nepi weka pakti ina pisi ngapi, pakti ya 20,000 yenye pisi 50 ni 400 kwa moja, ya 15,000 yenye pisi 30 ni 500, mama aone mwenyewe ipi ina nafuu. "Bei inboksi" inamfanya mtu ahisi bei inapangwa kwa kuangalia picha yake, na kusema ukweli kuna maduka yanafanya hivyo.

Kuna bidhaa moja usiiposti kabisa, maziwa ya kopo ya watoto pamoja na chupa na chuchu zake. Tangu 1981 kuna kanuni ya kimataifa iliyopitishwa na mkutano wa Shirika la Afya Duniani inayokataza kuvitangaza kwa umma, kuvitolea ofa, zawadi au sampuli, na Tanzania ina kanuni zake za kuisimamia. Vikae shelfu vina bei yake, anayehitaji kwa sababu zake atakuja, ila hakuna "nunua mfuko upate chupa bure". Wageni wengi wa kazi hii hawalijui hili na bosi naye anakwambia weka tu, mwambie.

Komenti nazo zisomeni. Mama akiandika "mwanangu kifua cha baridi, amelegea na hataki kunyonya, nichukue mfuko upi", hapo usiuze. Mjibu palepale amweke mtoto kifuani kwake ngozi kwa ngozi, amfunike na waende hospitali sasa hivi. Kisha mpigie kama namba yake unayo.

Na bei ikibadilika, rudi kwenye posti ya zamani uirekebishe siku hiyohiyo, kwa sababu kuna mtu ataikuta Agosti, atapanda basi kutoka Tukuyu akiwa na hela kamili ya bei uliyoiandika Juni.